Picha Tatu Kabla ya Kuachilia Ng'ombe: Kutambua Magugu Yenye Sumu Malishoni

Mvua za kwanza zinaponyesha baada ya kiangazi cha Januari na Februari, malisho ya Kehancha na vitongoji vyake hubadilika rangi kwa siku chache tu. Mara nyingi kijani kinachotangulia si nyasi. Magugu yenye mizizi mirefu huchipuka mapema, na ng'ombe aliyekaa na njaa wiki nzima hachagui sana. Huu ndio wakati ambapo mfugaji anahitaji kujua kilicho ndani ya malisho yake.

Wafugaji wengi siku hizi wana simu yenye kamera, na maafisa wa mifugo katika wadi hupokea picha za mimea kila msimu. Shida ni kwamba picha nyingi ni za jani peke yake, au za kichaka kizima kilichopigwa kutoka mbali. Picha ya namna hiyo haitoshi kutoa jibu. Zinahitajika tatu: jani, ua, na ganda la mbegu au tunda, zote kutoka mmea mmoja. Makala haya yanaeleza kwa nini, yakianzia na gugu linalochanganya watu wengi zaidi katika eneo letu.

Jani linalodanganya

Wakulima wa Migori na Homa Bay wanaijua desmodiamu. Ni lishe nzuri ya ng'ombe, na hupandwa kati ya mistari ya mahindi katika kilimo cha Sukuma-Vuta kilichoendelezwa na kituo cha ICIPE huko Mbita Point ili kupambana na kiduha na funza wa mabua. Jani la desmodiamu lina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja.

Krotalaria nyingi nazo zina vijani vitatu. Hili ni kundi kubwa la mimea, na humea kwenye mashamba yaliyolazwa, kando ya njia na malishoni. Baadhi yake hubeba sumu inayoharibu ini la mnyama, na kwa aina kadhaa sumu hiyo hujaa zaidi kwenye mbegu. Tena zipo krotalaria zenye jani moja pana lisilogawanyika. Kwa hiyo anayetazama jani peke yake anaweza kuacha mmea wa sumu akidhani ni lishe, au kung'oa lishe akidhani ni sumu.

Jambo hili linakuwa gumu zaidi kwa sababu mitoo, mboga inayoliwa katika nyumba nyingi za huku, nayo ni krotalaria. Si kila mmea wa kundi hili una sumu ya kudhuru. Lakini mboga iliyopandwa na mama shambani si sawa na krotalaria ya porini iliyojiotea malishoni, hata kama zinafanana kwa sura.

Mfano: picha tatu kutoka shamba lililolazwa

Tuchukue mfano wa mfugaji anayetaka kulishia ng'ombe kwenye shamba lililolazwa kwa misimu miwili. Anakuta mmea unaofika magotini, umejaa sehemu kubwa ya shamba.

Picha ya kwanza inaonyesha jani: vijani vitatu, kikonyo kimoja. Hapo bado inaweza kuwa desmodiamu, mitoo, krotalaria ya porini, au hata jamii ya maharagwe ya mwituni. Afisa akitazama sehemu ya juu ya jani kwa karibu, huenda akaona mstari mweupe unaopita katikati ya kila kijani. Huo ni dalili ya desmodiamu ya aina moja inayopandwa sana. Usipokuwepo, haijathibitisha chochote, kwa sababu desmodiamu ya aina nyingine haina mstari huo.

Picha ya pili inaonyesha ua. Lina umbo kama la ua la njegere, rangi yake ni manjano, na lina mistari myembamba ya kahawia iliyoelekea wekundu. Maua ya desmodiamu inayopandwa kwa lishe ni madogo, ya rangi ya waridi au zambarau. Kwa picha hii desmodiamu imeondoka kwenye orodha.

Picha ya tatu inaonyesha ganda. Ganda la desmodiamu ni bapa, limegawanyika vipande vipande kama ushanga, na vipande hivyo hukatika na kunata kwenye nguo na manyoya ya mbuzi. Ganda lililo kwenye picha halifanani na hilo. Limevimba kama puto dogo refu, na likikauka mbegu hulegea ndani. Ukilitikisa, linalia kama kayamba. Ganda la namna hii pamoja na ua la manjano vinaonyesha krotalaria. Kwa kuwa picha haitoi sauti, mfugaji aandike kwenye ujumbe wake kwamba ganda kavu linalia.

Hapo picha zimefikia mwisho wa uwezo wake. Zimeonyesha kundi, lakini hazijaonyesha ni krotalaria ipi kati ya nyingi, wala kiasi cha sumu iliyomo. Kwa kuwa hakuna aliyepanda mmea huo, uamuzi wa busara ni kuuhesabu kuwa wa hatari: ng'ombe wasiingie mpaka ung'olewe, au mpaka utambuliwe kwa uhakika.

Kwa nini mfugaji asisubiri kuona dalili

Sumu ya krotalaria hufanya kazi polepole. Ng'ombe anaweza kula leo na akaonekana mzima, kisha ini likaendelea kuharibika kwa wiki au miezi. Baadaye anakonda ingawa anakula, anaharisha na kujikamua, macho yanageuka manjano, na wengine hutembea ovyo kama waliopotea. Dalili hizo zinapotokea, shamba alikolia huenda limekwisha kulimwa na hakuna anayekumbuka gugu. Hakuna dawa ya kuondoa sumu hiyo wala ya kurudisha ini lililoharibika. Mbuzi na kondoo huistahimili zaidi kuliko ng'ombe na punda, kwa hiyo mbuzi kulia mahali fulani bila kuugua si uthibitisho kwamba ng'ombe atakuwa salama.

Lantana: tunda na harufu

Gugu la pili ni lantana, ambalo Wajaluo huliita nyabend winy. Lililetwa kutoka Amerika ya kitropiki kama ua la mapambo na la kuzungushia boma, na leo limesambaa kwenye mipaka ya mashamba. Hili ni rahisi kutambua ikiwa picha zote tatu zipo. Majani hukaa mawili mawili, yakitazamana kwenye shina. Yanakwaruza, yana kingo kama meno ya msumeno, na yakifikichwa hutoa harufu kali. Maua madogo hukusanyika kama kifungo, na mara nyingi kifungo kimoja huwa na rangi mbili: manjano katikati, waridi au nyekundu pembeni. Lantana haina ganda. Ina matunda madogo ya mviringo yaliyoshikana, ya kijani yakiwa machanga, na meusi ya zambarau yakiiva.

Ng'ombe waliozoea eneo huiepuka lantana wanapokuwa na nyasi. Wanaoathirika zaidi ni walionunuliwa kutoka mbali, au wenye njaa. Sumu yake hushambulia ini, na dalili huja upesi kuliko za krotalaria. Mnyama huacha kula, hufunga choo, macho huwa manjano, na ngozi yenye rangi nyeupe au isiyo na manyoya mengi, kama ya pua na masikio, huungua kwa jua na kuchubuka. Mnyama huyo aondolewe malishoni mara moja, awekwe kivulini kwenye giza kidogo, apewe maji, na daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Mnanaha: ganda lenye miiba

Mnanaha hujulikana kwa ganda lake kabla ya kitu kingine. Ni la mviringo kama yai dogo, limejaa miiba, na likikauka hupasuka na kumwaga mbegu nyeusi. Ua lake ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau hafifu. Jani ni pana, lina kingo zenye meno yasiyolingana, na linanuka vibaya. Kwa sababu ya harufu hiyo, ng'ombe huuacha ukiwa mbichi. Hatari iko kwenye nyasi zilizokatwa na kukaushwa, na kwenye mahindi yaliyovunwa pamoja na mbegu zake, kwa kuwa mnyama hawezi tena kuchagua. Mnyama aliyekula mnanaha huwa na mboni za macho zilizotanuka, mdomo mkavu na mapigo ya moyo ya haraka.

Namna ya kupiga picha zinazosaidia

Picha zipigwe asubuhi au jioni, jua lisipokuwa kali. Tawi liwekwe juu ya karatasi nyeupe pamoja na sarafu, ili ukubwa uonekane. Jani lipigwe pande zote mbili, likiwa bado limeshika shina, ili ionekane kama majani yanatazamana au yanapishana. Ua lipigwe kutoka mbele na kutoka ubavuni. Ganda lipigwe zima, kisha lipasuliwe na mbegu zipigwe. Mikono ivaliwe glavu au mfuko wa plastiki, na watoto wasichezee mbegu.

Ujumbe unaoambatana na picha utaje mahali, tarehe, urefu wa mmea, harufu yake, na kama kuna mnyama aliyeula. Kama mmea bado hauna ua wala ganda, ni afadhali kuzuia ng'ombe na kusubiri kuliko kubahatisha kwa jani.

Picha zikishindwa, tawi lenye jani, ua na ganda lilazwe kati ya kurasa za gazeti, liwekewe kitu kizito, na gazeti libadilishwe kila siku mpaka likauke. Tawi lililokaushwa hivyo linaweza kupelekwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo, na kutoka huko kwenye hifadhi ya mimea ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, ambako wataalamu hulilinganisha na vielelezo vilivyokwisha kutambuliwa.

Baada ya kutambua

Krotalaria na mnanaha ving'olewe kabla maganda hayajakauka, la sivyo mbegu zitamwagika na msimu ujao kazi itaanza upya. Lantana ikikatwa tu huchipuka tena, kwa hiyo shina lake lichimbwe pamoja na mizizi. Magugu yaliyong'olewa yasiachwe yamelala malishoni. Yakinyauka hupoteza harufu na ladha kali, ng'ombe huyala bila kusita, ilhali sumu bado imo. Yatolewe nje ya uzio siku ile ile, na ng'ombe waingie baada ya shamba kukaguliwa tena.