Pale Karatasi Inapokuwa Nyeusi Kuliko Wino

Fikiria barua iliyopigwa taipu miaka ya 1970. Ni nakala ya kaboni, imebanwa ndani ya faili nene lisilofunguka vizuri. Anayeiskani hawezi kuilaza ikatulia, kwa hiyo upande wa mshono unainuka kutoka kwenye kioo cha skana na kuingia kivulini. Kwa macho inasomeka, ingawa kwa taabu. Ukiipeleka kwenye Tesseract, programu ya bure ya kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, nusu ya kulia inatoka na makosa machache, na nusu ya kushoto inatoka herufi za ovyo au haitoki kabisa.

Hapo wengi hukimbilia kuongeza mwanga na kontrasti kwa picha nzima. Inaonekana ni hatua ya busara, na ndiyo inayopotezea watu muda kuliko zote. Sababu yake inaonekana vizuri kwa namba.

Katika picha ya kijivu kila pikseli ina namba, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi tii, hadi 255 ambayo ni nyeupe pe. Tuseme upande wenye mwanga, karatasi ina 170 na wino 110. Kivulini, karatasi ina 95 na wino 60. Zitazame tena hizo namba: karatasi ya kivulini, 95, ni nyeusi kuliko wino wa upande wenye mwanga, 110.

Sasa, kabla ya kusoma, programu hutaka kujua pikseli ipi ni wino na ipi ni karatasi. Njia ya kawaida ni kuweka kizingiti: namba moja, na kila kilicho chini yake kiwe cheusi, kilicho juu yake kiwe cheupe. Mjapani Nobuyuki Otsu alionyesha mwaka 1979 jinsi kompyuta inavyoweza kuichagua namba hiyo yenyewe kwa kuangalia pikseli zimejikusanya wapi, na Tesseract hutumia njia yake isipoambiwa vinginevyo. Lakini kwa barua yetu hakuna namba itakayofaa. Ukiweka 80, kivuli kinasomeka ila maneno ya upande wa pili yanafutika yote. Ukiweka 140, upande wenye mwanga unatoka safi huku kivuli chote kikigeuka doa jeusi.

Kuvuta kontrasti hakubadilishi hali hiyo. Ukizitanua namba zetu ili 60 iwe 0 na 170 iwe 255, wino wa mwangani unakuwa 116 na karatasi ya kivulini 81. Zimeachana zaidi, lakini mpangilio ni uleule: karatasi bado iko chini ya wino. Kanuni yoyote inayoongeza kontrasti kwa ukurasa mzima kwa kipimo kimoja itaishia hapo.

Kinachotakiwa ni kukiondoa kivuli chenyewe. Kanzu nyeupe iliyoanikwa kivulini inaweza kurudisha mwanga mdogo kuliko kitambaa cha kijivu kilichoanikwa juani, na bado hakuna anayesema kanzu ile si nyeupe, kwa sababu jicho linailinganisha na vilivyo karibu nayo. Kwenye picha ni vivyo hivyo: namba ya pikseli ni zao la mwanga uliofika pale na uwezo wa pale pa kuurudisha. Ikiwa ni kuzidisha, dawa yake ni kugawanya. Gawanya kila pikseli kwa weupe wa karatasi iliyo jirani yake, kisha zidisha kwa 255. Wino wa mwangani: 110 kwa 170, jibu ni 165. Wino wa kivulini: 60 kwa 95, jibu ni 161. Karatasi ya pande zote mbili inakuwa 255. Sasa kizingiti kimoja kinatosha.

OpenCV, maktaba ya bure ya kuchakata picha, inafanya hayo kwa mistari michache ya Python:

```python
import cv2, numpy as np
picha = cv2.imread("barua.png", cv2.IMREAD_GRAYSCALE)
usuli = cv2.dilate(picha, np.ones((15, 15), np.uint8))
usuli = cv2.medianBlur(usuli, 51)
safi = cv2.divide(picha, usuli, scale=255)
_, bw = cv2.threshold(safi, 0, 255,
                      cv2.THRESH_BINARY + cv2.THRESH_OTSU)
cv2.imwrite("safi.png", safi)
cv2.imwrite("bw.png", bw)
```

Uzito wote uko kwenye mistari miwili ya `usuli`. `dilate` inaipa kila pikseli namba kubwa kuliko zote katika mraba wa 15 kwa 15 unaoizunguka, kwa hiyo herufi nyembamba zinamezwa na karatasi. `medianBlur` inalainisha kinachobaki. Ukiifungua picha ya `usuli` peke yake, unapaswa kuona karatasi tupu yenye kivuli chake, bila neno hata moja. Ukiona mabaki ya herufi, mraba ni mdogo kuliko unene wa mistari ya herufi, uongeze. Barua ya taipu iliyoskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi huwa na mistari ya pikseli kama 5 au 6, kwa hiyo 15 inatosha. Kichwa cha habari chenye herufi nene sana, au picha ya mtu iliyobandikwa, ni habari nyingine: mraba unaangukia ndani ya weusi, weusi unahesabiwa kuwa karatasi, na herufi inatoka tupu katikati ikibaki na kingo tu.

Ipo pia njia ya `adaptiveThreshold`, inayokokotoa kizingiti kipya kwa kila pikseli kutokana na wastani wa jirani zake, ikipunguza namba unayoichagua, iitwayo C. Hiyo C ndiyo inayowasumbua watu. Tuseme wastani wa sehemu ya kivulini yenye maneno ni 88. Kwa C ya 10 kizingiti ni 78: wino wa 60 unakuwa mweusi, karatasi ya 95 nyeupe, sawasawa. Kwa C ya 35 kizingiti kinashuka hadi 53, na maneno yote yanafutika. Kwa C ya 0, chembechembe za karatasi tupu zinageuka vumbi jeusi ukurasa mzima.

Vumbi hilohilo hutokea kwa Otsu kwenye ukurasa usio na maandishi, kwa kuwa kanuni yake hugawa pikseli mafungu mawili hata pasipo na wino. Nyuma za barua zilizo tupu ziondolewe kabla.

Mihuri nayo inataka uangalifu. Muhuri wa bluu uliopigwa juu ya maneno meusi usiugeuze kijivu kwa njia ya kawaida. Soma picha ikiwa na rangi, kisha chukua chaneli ya bluu peke yake, `picha[:, :, 0]`, kwa sababu OpenCV hupanga bluu kwanza. Humo wino wa bluu unakaribia weupe wa karatasi, na maneno yanabaki. Kwa muhuri mwekundu chukua `picha[:, :, 2]`.

Baada ya hapo soma matoleo yote mawili, `safi.png` lenye kijivu na `bw.png` la nyeusi na nyeupe:

```
tesseract safi.png matokeo1 -l swa
tesseract bw.png matokeo2 -l swa
```

Nisingeamini kwamba nyeusi na nyeupe hushinda siku zote. Wino wa kaboni huwa na kingo zilizofifia, na kizingiti kikali huzikata: e inakuwa c, m inasomwa rn. Piga taipu aya moja kwa mkono wako, ilinganishe na matokeo yote mawili, hesabu makosa. Kama kuna hatua ya kufuta madoa madogo, angalia kwanza nukta za i na j, kisha alama ndogo iliyo katika ng'ombe na ng'ambo, kwani kwa ukubwa hazitofautiani na vumbi na ndizo zinazofutwa mwanzo.