Filamu nzima katika sentensi moja: mfano wa «Félicité»

Wanafunzi wengi wa kitivo chetu wanajua kuandika muhtasari. Muhtasari unafuata hadithi toka mwanzo hadi mwisho. Watu wa sinema wanadai kitu kingine kabla yake: sentensi moja ya maneno kama 30, wanayoiita loglaini. Inasomwa na mtu anayeamua kama ataifungua senario au ataiweka kando. Ndani yake mnatakiwa mambo matatu: mhusika mkuu, lengo lake na kikwazo chake. Mwisho wa hadithi hautajwi.

Nachukua «Félicité», filamu ya Alain Gomis ya mwaka 2017, iliyopigwa Kinshasa. Félicité anaimba katika baa na kumlea peke yake mwanawe, Samo. Kijana anapata ajali ya pikipiki, mguu unavunjika vibaya, na hospitali inataka pesa kabla ya kumpasua. Mama anazunguka mji: anadai madeni, anamwendea baba wa mtoto, anaingia hata nyumbani kwa tajiri asiyemjua. Anaporudi, mguu umekwisha kukatwa. Nusu ya pili inaeleza maisha baada ya hapo, pamoja na Tabu, mwanaume aliyekuja kutengeneza friji yake.

Sentensi ya kwanza inayotujia huwa hii: «Samo anapata ajali na mama yake anateseka kwa sababu ya umaskini.» Haina kosa la sarufi, ila haibebi filamu. Tuirekebishe hatua kwa hatua.

Kwanza, mhusika mkuu. Kiima cha sentensi ile ni Samo, lakini anayetenda ni mama. Basi mama ndiye atangulie. Jina lake halimwambii kitu mtu ambaye hajaona filamu. Tuweke kazi yake na tabia moja. Tabia ya kuchagua ni ile inayogongana na kazi inayomngoja. Félicité ni mtu wa kujitegemea, asiyependa kuomba, na hadithi inamtuma kuomba. Kiswahili kinatutega hapa: kwa kuwa kitenzi chetu kinabeba kiambishi cha nafsi, tunaweza kuandika «anatafuta pesa» na kuona sentensi imekamilika, huku mhusika hajaonyeshwa hata kidogo.

Pili, lengo. «Anampenda mwanawe» si lengo, kwa sababu kamera haiwezi kutuonyesha saa ambayo jambo hilo limefanikiwa au limeshindikana. «Kupata pesa za kuokoa mguu» ni lengo: pesa ama zinafika ama hazifiki.

Tatu, kikwazo. «Umaskini» ni hali ya watu wote wa mtaa ule. Kikwazo ni kile kinachomkatalia huyu mmoja, leo: hospitali isiyompasua kijana bila malipo, na watu wenye pesa wasiotaka kuzitoa.

Tukiunganisha, tunapata hii:

«Mwimbaji wa baa mjini Kinshasa, asiyependa kumwomba mtu, analazimika kuzunguka mji akidai na kuomba pesa za kuokoa mguu wa mwanawe, lakini hospitali haimpasui kijana bila malipo na wenye pesa wanamfungia mlango.»

Maneno ni 31. Neno «lakini» ndilo bawaba: upande mmoja lengo, upande mwingine kikwazo. Ukiona mahali pake pana «halafu», ujue umerudi kwenye muhtasari, maana «halafu» inapanga matukio bila kuyagonganisha.

Rafiki zangu wa darasa wananipinga kwa hoja nzito: sentensi hii inaishia katikati ya filamu. Mguu ukishakatwa, lengo limekufa, na filamu ingali inaendelea. Wengine wanapendekeza kuandika juu ya nusu ya pili: mama aliyevunjika moyo anajaribu kuishi tena na mwana asiyetaka kusema. Ni kweli kwamba hapo ndipo Gomis anapokaa kwa utulivu. Lakini ukiandika hivyo, umefichua kwamba mguu ulipotea, na mtazamaji ataingia katika nusu ya kwanza bila hofu yoyote.

Kwa hiyo mimi nabaki na sentensi ya kwanza. Inauliza swali ambalo mtazamaji anakaa nalo mpaka mlango wa chumba cha hospitali: atafika kwa wakati? Nusu ya pili inaonyesha kinachobaki jibu likiwa hapana. Hasara yake naikubali: Tabu na friji yake hawamo, na anayetaka kuwajua itabidi aisome senario. Hiyo ndiyo kazi sentensi ile ilitumwa kuifanya.