Bawaba, Mshono na Maandishi: Kukagua Eafoni Feki kwa Picha

Tarehe 31 Agosti 2020, maofisa wa forodha wa Marekani walikamata eafoni 2,000 zisizo na waya kwenye uwanja wa ndege wa JFK, New York. Mzigo ulitoka Hong Kong. Wakatangaza kwamba wamenasa AirPods feki ambazo, kama zingekuwa halisi, zingeuzwa dola 398,000. Lakini picha waliyoitoa wenyewe ilionyesha boksi lililoandikwa waziwazi OnePlus Buds, bidhaa halali ya kampuni nyingine. Watu walipowacheka, idara ilishikilia msimamo wake: umbo lake, ikasema, linakiuka alama ya biashara ya Apple.

Mabishano ya mawakili tuwaachie mawakili. Kwa mnunuzi anayetumiwa picha kwenye WhatsApp na muuzaji wa Kariakoo au wa Barabara ya Luthuli, Nairobi, kisa hicho kinaonyesha kwamba umbo halithibitishi kitu. Anayeghushi huanza na umbo, na siku hizi hulipatia. Makosa yake hubaki kwenye sehemu ambazo ni ghali kutengeneza vizuri, na kwenye maandishi ambayo aliyanakili bila kujua maana yake. Tuchukue AirPods Pro, maana ndizo zinazoghushiwa sana.

Kwanza zipate picha zenyewe. Picha za tangazo hazifai, kwa sababu muuzaji anaweza kuwa amezitoa popote. Mwombe apige kasha likiwa limefungwa, mara moja kwa mbele na mara moja kwa nyuma kwenye bawaba, kisha apige mfuniko ukiwa wazi, halafu kila eafoni upande wenye maandishi. Apige karibu na dirisha bila kuwasha flashi. Simu iwe mbali kidogo, kama sentimita 25, kisha akuze kwa kamera, kwa sababu simu ikisogezwa karibu mno hupindisha mistari na kufanya pengo la upande mmoja lionekane pana kuliko la pili. Halafu azitume kama faili, si kama picha za kawaida. WhatsApp hubana picha, na ikibana, kingo za herufi ndogo hugeuka vipande vya mraba, kiasi kwamba maandishi safi kabisa yataonekana kama yamechapwa ovyo.

Sasa tazama bawaba. Kwenye kasha halisi ni kipande cha chuma kilicholala usawa na plastiki, na pengo linalokizunguka ni jembamba na linalingana kulia na kushoto. Kufikia usawa huo ni kazi, kwa sababu vipande vitatu, yaani chuma, mwili wa kasha na mfuniko, lazima vitoke kiwandani kwa vipimo vinavyokaribiana sana. Kiwanda cha bidhaa feki hakitupi vipande vilivyokosea kidogo, huviunganisha hivyo hivyo. Ndiyo maana utaona chuma kimejitokeza juu ya plastiki, au kimezama upande mmoja, au mfuniko uliofungwa umeegemea kidogo upande mmoja kama kofia iliyovaliwa kwa haraka. Hata hivyo, kasha halisi lililoangushwa mara kadhaa nalo hulegea. Ukiona pengo lisilolingana, tafuta pia mikwaruzo na kona zilizobonyea. Kasha linalodaiwa kuwa jipya, halina mkwaruzo hata mmoja, na bawaba yake imepinda, halina utetezi.

Mshono unasomwa kwa namna nyingine. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu yenye pande mbili, na pale pande hizo zinapokutana hubaki mstari mwembamba. Mtengenezaji makini huupeleka mstari huo mahali pasipoonekana au huung'arisha hadi upotee. Asiye makini huuacha, na mwanga wa dirisha ukipita kwa ubavu utauona ukikata mgongo wa kasha, pengine una ukingo wa plastiki iliyovuja. Mwanga huo huo unafichua na mabonde. Plastiki ikipoa vibaya hunywea kidogo, na taswira ya fremu ya dirisha inayong'aa juu ya kasha, badala ya kupinda taratibu kufuata umbo, inavunjika ghafla. Mimi naiamini taswira hiyo kuliko rangi, kwa sababu rangi nyeupe kwenye picha hubadilika na kila kamera.

Utajiri wenyewe uko kwenye maandishi, na hapa wengi hutazama mahali pasipofaa. Wanakimbilia namba ya mfululizo iliyo chini ya mfuniko, wanaiandika kwenye checkcoverage.apple.com, wanaona imekubaliwa, wanalipa. Lakini namba moja halisi inaweza kunakiliwa kwenye makasha elfu. Tovuti inathibitisha namba tu, haijui imechapwa juu ya nini.

Kinachosaidia zaidi ni kuuliza kama maandishi yanakubaliana na mwili. Tuseme muuzaji anatangaza AirPods Pro za kizazi cha pili zenye tundu la USB-C. Kwenye picha kasha lina tundu hilo, lina vitobo vya spika chini na kishikizo cha kamba ubavuni, na bawaba imekaa vizuri. Lakini namba ya modeli ya kasha inasomeka A2190, na eafoni zimeandikwa A2083 na A2084. Hizo ni namba za kizazi cha kwanza cha mwaka 2019, ambacho kasha lake halina spika wala kishikizo, na tundu lake ni la Lightning. Spika na kishikizo vilikuja 2022 na kasha A2700, na USB-C ikaja 2023 na kasha A2968, lenye eafoni za A3047, A3048 au A3049. Aliyeghushi alibadilisha kalibu akasahau kubadilisha maandishi. Hata kama eafoni ni halisi za zamani zilizotiwa kwenye kasha jingine, bado si kile unachouziwa.

Alama za udhibiti zina mitego yake. Alama ya CE ya Ulaya ina vipimo rasmi: mkono wa kati wa E ni mfupi kuliko ule wa juu na wa chini, na nafasi kati ya herufi ni pana kiasi kwamba ukimalizia C iwe duara kamili, duara hilo litafika kwenye mgongo wa E. Herufi zilizobanana ni dalili ya uzembe. Wapo wanaosema hiyo ni alama nyingine yenye maana ya bidhaa za China, lakini alama rasmi ya namna hiyo haipo. Na CE iliyochorwa sawasawa haimaanishi mengi, kwa kuwa kwa bidhaa nyingi mtengenezaji hujitangazia mwenyewe, na anayeghushi naye anaweza kuichora.

FCC iliyo kwenye eafoni ni mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Isichanganywe na FCC ya Tanzania, yaani Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo hasa unayoweza kuipelekea malalamiko ya bidhaa bandia. Kitambulisho cha Marekani kikiwepo, herufi za mwanzo ni za mwombaji, na za Apple ni BCG. Ukikuta nyingine, itafute kwenye fcc.gov/oet/ea/fccid uone ni ya kampuni gani. Kisipoonekana usihukumu, kwa sababu kifaa kidogo kinaruhusiwa kukiweka kwenye boksi au kitabu cha maelekezo.

Picha zikipita zote, bado hujaona kilicho ndani. Kutaneni mahali penye watu, uende na iPhone yenye iOS 16 au zaidi, na uunganishe kabla ya kutoa pesa. Ikitokea taarifa ya Cannot Verify AirPods, mrudishie kasha lake.