Mkopo wa Mkurugenzi Haufutiki kwa Kulipwa Desemba

"Nimeshalipa zote kabla ya tarehe 31 Desemba, sasa mkaguzi unataka kuandika nini?" Wakurugenzi wa Mailimoja, Mlandizi na Kisarawe wananiuliza swali hili, wenye viwanda na wenye mashamba ya kuku, na mara nyingi aliyewafundisha kuliuliza ni mhasibu wao. Wanaamini kwamba akaunti ya mkurugenzi ikisoma sifuri siku hesabu zinapofungwa, basi mkopo umeisha, hauna sababu ya kukaguliwa wala kutajwa. Imani hiyo si sahihi. Tena dawa inayotokana nayo, yaani kuingiza fedha benki wiki ya mwisho ya Desemba, ndiyo inayogeuza jambo la kawaida kuwa tatizo la ukaguzi.

Kampuni kutoa fedha kwa mkurugenzi wake hakunishangazi. Kampuni nyingi ninazozikagua ni za familia. Mtoto anadaiwa ada, nyumba inasubiri bati, na fedha iliyo karibu ni ya kampuni. Ninachotafuta ni majibu ya maswali matatu: nani aliidhinisha, fedha ilirudi kweli au ilirudi kwenye karatasi tu, na msomaji wa hesabu ameambiwa nini.

Nianze na hilo la kuambiwa, kwa sababu hapo ndipo imani ya Desemba inapoangukia. Viwango vya kimataifa vinavyotumika Tanzania havikuishia kwenye salio la siku ya mwisho. IAS 24, na sehemu ya 33 ya kiwango cha kampuni ndogo na za kati, vinataka mambo mawili kwa pamoja: miamala iliyofanyika ndani ya mwaka kati ya kampuni na watu wenye uhusiano nayo, na salio lililobaki mwishoni, pamoja na masharti na dhamana yake. Mkurugenzi aliyechukua milioni 35 mwezi Februari na Juni, akazilipa zote Desemba kwa fedha yake halali, bado anatajwa: zilitolewa milioni 35, zikalipwa milioni 35, salio hakuna. Mistari hiyo haimvunjii heshima mtu. Mwanahisa asiye mkurugenzi, au afisa mikopo wa benki, ana haki ya kujua kwamba kwa miezi kumi fedha ya kununulia malighafi ilikuwa mfukoni mwa mtu mmoja. Aliyeazima lori la kampuni mwaka mzima akalirudisha siku ya kuhesabu mali hawezi kusema lori hilo halikutoka.

Sasa tuitazame hiyo dawa ya Desemba inavyofanya kazi. Chukulia kiwanda cha vyakula vya kuku cha hapa Kibaha kinachofunga hesabu tarehe 31 Desemba. Mkurugenzi mkuu alichukua milioni 20 tarehe 10 Februari na milioni 15 tarehe 3 Juni. Leja inaonyesha kwamba tarehe 28 Desemba alilipa milioni 35 kwa mkupuo. Mhasibu anaweka stakabadhi ya benki mbele ya mkaguzi kwa kujiamini, na stakabadhi ni ya kweli, kwa maana fedha iliingia benki siku hiyo.

Mkaguzi anayeishia hapo amekagua karatasi moja. Mimi huomba taarifa ya benki ya wiki mbili kabla ya mwaka kufungwa na wiki mbili baada ya kufungwa, nikaisoma mstari kwa mstari. Katika mfano wetu, tarehe 27 Desemba, siku moja kabla ya marejesho, kampuni ilitoa milioni 35 zilizoandikwa kuwa malipo ya awali kwa msambazaji wa mahindi. Kiasi ni kilekile. Hapo naacha akaunti ya mkurugenzi na kumfuata msambazaji. Kwa bei ya shilingi 700 kwa kilo, milioni 35 ni tani 50, mzigo wa kujaza malori mawili makubwa. Daftari la mizani ya malori halina gari hata moja la msambazaji huyo, ghala halina hati ya kupokelea mali, na hakuna mkataba wa ununuzi. Kisha nageukia Januari. Tarehe 14 kuna vocha ya jounali, si malipo, inayoondoa milioni 35 kwa msambazaji na kuzirudisha kwenye akaunti ya mkurugenzi, ikiwa na maelezo kwamba "mahindi hayakupatikana".

Ukizipanga tarehe hizo tatu, habari inajieleza. Fedha ya kampuni ilitoka kwa jina la mahindi, ikarudi kwa jina la marejesho, na baada ya sikukuu deni likarejea lilikokuwa. Hakuna senti ya mkurugenzi iliyoingia. Tarehe 31 Desemba bado alikuwa anadaiwa milioni 35, na mizania iliyoonyesha milioni 35 za malipo ya awali kwa wasambazaji ilikuwa na kosa. Marekebisho yake ni kulirudisha deni kwenye jina la mwenye deni, kisha kueleza kwamba halina riba, dhamana wala ratiba ya kulipa. Baada ya hapo lazima niulize kama anaweza kulipa kweli, maana deni lisilolipika linatakiwa kupunguzwa thamani kwenye hesabu, na punguzo hilo linakula faida ya kampuni.

Wenye kudhani haya ni mambo ya kampuni ndogo wakumbuke Chase Bank ya Kenya. Mwanzoni mwa Aprili 2016 benki hiyo ilitoa upya hesabu zake za mwaka 2015, siku chache tu baada ya kutoa za kwanza. Mikopo ya wakurugenzi na watu wa ndani iliongezeka kwa karibu shilingi bilioni 8 za Kenya kati ya hesabu hizo mbili, ikafika takriban bilioni 13.6. Fedha haikukopwa ndani ya siku hizo chache. Ilikuwa imepangwa chini ya jina jingine, kama mali za musharaka. Wateja walikimbilia kutoa akiba zao, na tarehe 7 Aprili benki ikawekwa chini ya usimamizi wa muda. Jina la mstari kwenye mizania lilitosha kumficha mdaiwa.

Idhini nayo ina namna yake ya kukaguliwa, na wengi huikagua kinyume. Wanaomba mihtasari ya vikao vya bodi, wanasoma mikopo iliyoidhinishwa, wanaitafuta kwenye leja na kuipata. Kwa njia hiyo huwezi kamwe kuuona mkopo usioidhinishwa, kwa kuwa haumo kwenye muhtasari. Anza na fedha iliyotoka, rudi nyuma kutafuta idhini yake. Katika kiwanda chetu, milioni 20 za Februari zina muhtasari wa tarehe 9 Februari. Milioni 15 za Juni hazina. Mhasibu ataonyesha maneno "na mikopo mingine itakayohitajika" mwishoni mwa muhtasari uleule, lakini idhini isiyotaja kiasi, muda wala riba haijaidhinisha mkopo wowote mahususi. Angalia pia nani alikuwapo na nani alipiga kura. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamtaka mkurugenzi atangaze maslahi yake katika jambo linalojadiliwa, na muhtasari ambao mkopaji ndiye mwenyekiti, ndiye mtoa hoja na ndiye mtia saini peke yake haunipi ushahidi ninaouhitaji. Muhtasari ulioandikwa baadaye hujulikana kwa namba isiyofuata mtiririko wa kitabu, au kwa kumtaja mjumbe ambaye siku hiyo hakuwa ameteuliwa bado.

Advansi za wafanyakazi ni ndogo kwa kiasi, ila zina ugonjwa wake. Mtu anachukua laki tatu mwezi Machi, zikatwe laki moja kwa miezi mitatu. Desemba bado anadaiwa laki tatu, na kila mtu anasema anakatwa kila mwezi. Ni kweli anakatwa, lakini kila akikatwa anapewa nyingine, kwa hiyo deni halishuki. Usikubali orodha ya Desemba peke yake: ilinganishe na orodha ya mishahara ya Januari na Februari uone nani anakatwa, halafu tafuta majina ya walioacha kazi. Deni la mtu aliyeondoka miaka miwili iliyopita si mali ya kampuni kwa sababu tu bado limo kwenye orodha. Kila makato yawe na karatasi yenye saini ya mfanyakazi, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kukata deni kwenye mshahara bila sheria inayoruhusu au makubaliano ya maandishi. Masurufu ya safari nayo yasichanganywe humo. Hiyo ni fedha ya kazi ya kampuni, hurejeshwa kwa stakabadhi, na isiporejeshwa ndipo inageuka deni la mtu.

Kuna kodi pia. Mkopo wa mwajiri wenye riba chini ya kiwango cha kisheria ni manufaa ya ajira yanayotozwa kodi, isipokuwa ule wa muda usiofika miezi 12 na usiozidi mshahara wa msingi wa miezi mitatu. Advansi ya laki tatu kwa kawaida inapita. Milioni 35 bila riba kwa mkurugenzi anayelipwa mshahara hazipiti, na makadirio ya manufaa hayo huangaliwa pamoja na orodha ya mishahara.

Wewe mkurugenzi ufanye nini basi, kama fedha umeshaichukua? Lipa kwa fedha yako, kutoka akaunti yako kwenda ya kampuni, ili chanzo kionekane. Kama huwezi, andika mkataba wenye riba na ratiba, bodi iupitishe bila wewe kupiga kura, kisha ulipe kwa ratiba hiyo. Kama kampuni ina faida, tangazeni gawio kwa wanahisa wote, kateni kodi ya zuio ya asilimia 10 kwa mwanahisa mkazi, na sehemu yako ipunguze deni. Kama fedha ilikuwa malipo ya kazi yako, ipitishwe kwenye mshahara na PAYE yake. Kama wewe ndiye unayeidai kampuni, leta ushahidi wa fedha uliyoingiza, tupunguze deni kwa deni. Kulisamehe deni kunawezekana, ila kiasi kilichosamehewa kinakuwa kipato chako na kinatozwa kodi.

Kabla sijatia saini nitakuletea barua inayotaja kila kiasi ulichochukua, kila ulicholipa na salio, uithibitishe kwa maandishi. Kisome kiasi hicho kwa makini, maana ndicho kitakachochapishwa kwenye maelezo ya hesabu. Kampuni ikikataa kukitaja, na kiasi ni kikubwa kwa hesabu zake, hati itakuwa yenye shaka, na kadiri niwezavyo nitaandika kiasi hicho mwenyewe ndani ya hati.