Maoni ya Mwalimu wa Darasa: Mistari Miwili Inayomfikia Mzazi

Ripoti ya maendeleo ya mwanafunzi wa shule ya msingi Tanzania hutoka mara mbili kwa mwaka, mwezi Juni na mwezi Desemba, shule zinapofungwa. Sehemu kubwa ya karatasi ni namba: alama za kila somo, wastani, daraja na nafasi darasani. Chini ya namba hizo pana mistari miwili au mitatu ya maoni ya mwalimu wa darasa, kisha maoni ya mwalimu mkuu, muhuri, tarehe ya kufungua shule na mahali pa sahihi ya mzazi. Ni kwenye ile mistari ya mwalimu wa darasa tu ndipo mzazi anaweza kuelezwa kwa nini mtoto amepata alama alizopata.

Mara nyingi hakuelezwa. Ripoti nyingi zina maneno yale yale: "Ongeza bidii", "Jitahidi zaidi", "Ana uwezo ila ni mvivu", "Vizuri, aendelee hivyo". Maneno haya hayatokani na kutojali. Mwalimu wa darasa la wanafunzi themanini hupata alama za mwisho kutoka kwa wenzake siku chache kabla ya shule kufungwa, hujumlisha, hupanga nafasi, ndipo anakaa usiku na rundo la karatasi. Akitumia dakika tatu kwa kila mtoto, kazi hiyo peke yake ni saa nne. Mkono ukichoka, unaandika kinachokuja. Na kwa kuwa kilicho mbele ya macho yake ni jumla ya alama tu, anachokiandika ni jumla ile ile iliyogeuzwa kuwa maneno: alama 38 zinakuwa "ongeza bidii", alama 85 zinakuwa "hongera". Mzazi amesomewa kitu kimoja mara mbili.

Maoni yenye kitu ndani yake huanzia kwenye daftari la mtoto, si kwenye jumla. Tuchukue wanafunzi wawili wa darasa la tatu waliopata 38 kwa mia katika Hisabati, yaani daraja D wote wawili. Ukifungua daftari la wa kwanza unaona anajumlisha vizuri hata namba za tarakimu tatu. Kutoa nako anakuweza, lakini si mara zote: 78 kutoa 35 ameandika 43, na ni sahihi. 52 kutoa 27 ameandika 35. 81 kutoa 46 ameandika 45. Hapo hapana uvivu wala kubahatisha, kwa sababu kosa ni moja na linajirudia. Kila tarakimu ya juu inapokuwa ndogo kuliko ya chini, mtoto anageuza na kutoa ndogo kwenye kubwa: kwenye 52 na 27 anaona 2 na 7, anaandika 5. Hajaelewa kukopa kumi moja kutoka kwenye makumi. Akiambiwa aongeze bidii, atafanya hesabu nyingi zaidi kwa njia ile ile na kukosa nyingi zaidi.

Daftari la mwanafunzi wa pili ni jingine kabisa. Hesabu za namba tupu, pamoja na zile za kukopa, amezipata karibu zote. Alichoacha wazi ni mafumbo, yaani maswali ya maneno kuhusu maembe yaliyouzwa sokoni au chenji iliyobaki dukani. Mwalimu akimwita asome fumbo kwa sauti, anasikia silabi moja moja, na mtoto anapofika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Shida yake ya Hisabati ni shida ya kusoma. Alama ni ile ile na daraja ni lile lile, lakini wazazi hawa wawili wanahitaji kuambiwa mambo tofauti.

Maoni ya mtoto wa kwanza yanaweza kuandikwa hivi: "Anajumlisha vizuri hadi tarakimu tatu. Katika kutoa anakosea pale anapotakiwa kukopa: 52 kutoa 27 anaandika 35. Likizoni afanye hesabu tatu za aina hii kila siku kwa vijiti vilivyofungwa kumi kumi." Mzazi anayefuata ushauri huo atampa mtoto mafungu matano ya vijiti kumi na vijiti viwili pembeni, na kumwambia atoe 27. Mtoto atatoa mafungu mawili, kisha atatafuta vijiti saba na kukuta viwili tu. Italazimu kufungua fungu moja. Pale anapolifungua kwa mkono wake ndipo kukopa kunapoanza kueleweka, na mzazi hahitaji kuwa na elimu ya ualimu ili kulisimamia jambo hilo.

Kwa mtoto wa pili: "Hesabu za namba anaziweza, hata za kukopa. Mafumbo anayaacha kwa sababu bado anasoma polepole. Kila jioni asome aya moja kwa sauti mbele ya mtu mzima, kisha aeleze kwa maneno yake alichosoma." Kazi hii inawezekana hata kwa mzazi asiyejua kusoma, kwa kuwa anachotakiwa ni kusikiliza na kuuliza kilichotokea. Hili ni jambo la kuzingatia katika kila ushauri unaoandikwa. Ushauri wa kununua vitabu vya ziada au kumpeleka mtoto tuisheni humfaa mwenye uwezo, na humwacha asiye nao na aibu bila msaada.

Maoni yote mawili yanafuata mwendo mmoja: kile ambacho mtoto anakiweza kweli, mahali hasa anapokwama, na jambo moja la kufanya nyumbani. Moja, si matano. Lakini mwendo huo huharibika kwa urahisi pale sehemu ya kwanza inapotumika kuficha ya pili. Mtoto wa darasa la tatu asiyeweza kusoma akiandikiwa "Ana mwandiko mzuri na ni msafi, aongeze juhudi katika kusoma", mzazi atashika mwandiko na usafi, aweke sahihi, atulie. Sifa ni ya kweli, lakini ripoti nzima imesema uongo. Kutia moyo kunakosimama juu ya kitu kilichofichwa huishia pabaya, kwa sababu darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, na huko mzazi atakutana na ukweli akiwa amechelewa mwaka mzima.

Habari nzito inasemeka kwa upole bila kupunguzwa uzito, iwapo mwalimu ataonyesha mtoto amefika wapi katika njia yenyewe. Katika kusoma Kiswahili njia hiyo inafahamika, na tathmini za Uwezo zimekuwa zikiipima kwa ngazi zake: silabi, neno, aya, hadithi. Basi mwalimu huandika: "Anasoma silabi nyepesi kama ba, ma, ta na maneno mafupi kama baba na kuku. Anakwama kwenye silabi kama mbwa, ng'o na nywa, hivyo bado hawezi kusoma aya. Wenzake wengi wameshafika kwenye aya. Anahitaji dakika kumi za kusoma kila siku, na shuleni ataendelea na kundi la kusoma." Mzazi amejua kwamba mtoto yuko nyuma, amejua yuko nyuma kiasi gani, na amejua shule inafanya nini. Sentensi hiyo ya mwisho isiandikwe kama kundi hilo halipo.

Namba nyingine inayohitaji maelezo ni nafasi. Mtoto aliyetoka wastani wa 54 hadi 61 anaweza kushuka kutoka nafasi ya 20 hadi ya 26, kwa sababu wenzake nao wamepanda. Mzazi huona 20 na 26 kwanza, na mtoto hupokewa kwa ukali siku aliyostahili kupongezwa. Mstari mmoja unatosha: "Wastani wake umepanda kwa alama 7 tangu Desemba, nafasi imeshuka kwa kuwa darasa zima limepanda." Mtoto wa kwanza darasani naye hupunjwa, ila kwa njia nyingine. "Hongera" yake haimwonyeshi pa kwenda. Kama insha zake ni sahihi lakini kila sentensi inaanza na "halafu", hilo ndilo la kumwandikia.

Kuhusu tabia, uangalifu unatakiwa kuzidi. "Mtundu", "mvivu" na "mkaidi" ni hukumu juu ya mtoto, na katika nyumba nyingi neno moja kati ya hayo linatosha kuleta fimbo. Badala yake huandikwa kile kilichoonekana: mwalimu akisema "anasahau kuleta daftari la Sayansi karibu kila wiki" au "tangu Mei amefika mara kumi na moja baada ya kipindi cha kwanza kuanza", mzazi anaweza kulishughulikia jambo lenyewe. Sababu isibuniwe. Mtoto anayesinzia darasani huenda anaumwa, anachota maji alfajiri au hajala tangu jana, na mwalimu anayeandika "mvivu" amejibu swali ambalo hajaliuliza.

Tena ripoti si barua ya siri. Hubebwa na mtoto mwenyewe, hufunguliwa njiani, na pale mzazi asipojua kusoma, anayemsomea ni kaka, dada au jirani. Mambo ya nyumbani, ada inayodaiwa na magonjwa hayana nafasi humo. Kwa hayo mzazi huitwa shuleni akazungumza na mwalimu ana kwa ana. Kinachoweza kuandikwa ni jambo lisilomdhalilisha mtoto: "Akikaa nyuma anakosea kunakili kutoka ubaoni, akikaa mbele hakosei. Tunashauri apimwe macho." Sentensi ziwe fupi, ili anayesomewa apate maana mara moja. Na katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza, mzazi anayezungumza Kiswahili anastahili kuandikiwa Kiswahili.

Linabaki suala la muda, na jibu lake halipatikani usiku wa mwisho. Mwalimu hutenga kaunta buku moja na kumpa kila mwanafunzi nusu ukurasa. Kila siku anaposahihisha, huchagua watoto watano na kuandika mstari mmoja mmoja, wenye tarehe: "12/3, kukopa bado, 52-27=35." Kwa darasa la watoto themanini mzunguko hukamilika kwa siku kumi na sita za masomo, na kwa muhula kila mtoto hufikiwa mara nne au tano. Watoto wapole, wale wasiofanya vizuri sana wala vibaya sana, ndio wanaonufaika zaidi na utaratibu huu, kwa sababu bila orodha huwa hakuna anayekumbuka lolote juu yao. Juni ikifika, maoni yameshakusanyika. Kilichobaki ni kuchagua.

Kaunta buku hilo hilo ndilo la kunakilia maoni yaliyotumwa nyumbani, ili Julai mwalimu amwite mtoto wa vijiti, ampe 52 kutoa 27 na nyingine mbili za aina hiyo, na kuandika alichokiona. Ripoti ya Desemba itaanzia hapo, na mwalimu atakayempokea mtoto darasa la nne atakuwa na mahali pa kuanzia.