Jina la Kikundi cha Akiba: Liandikwe Sawa Kwenye Katiba Kabla Hamjachonga Muhuri

Leo siongelei viwavijeshi wala mbolea. Naongelea mahindi ambayo yameshauzwa, hela imeshatumwa, halafu hela haiingii. Sababu ni jina.

Kuna kikundi cha vijana 22 hapa kwetu Kabungu. Jina lao halisi nimelibadilisha, maana wenyewe mnasoma hapa na hamtapenda kuanikwa. Tukiite Igembe Sabo. Wasukuma mnalijua neno hilo, jembe ni mali. Walianza kama mchezo wa hisa wa kila Jumapili, wakakua, wakaanza kukusanya mahindi na kuuza pamoja. Msimu uliopita waliuza gunia 60 kwa shilingi 60,000 kila moja, jumla shilingi 3,600,000. Mnunuzi hakutaka kubeba hela taslimu barabarani, akatuma benki. Siku nne baadaye hela ikarudi kwake. Jina alilopewa na mwenyekiti halikufanana na jina la akaunti.

Mwenyekiti akanipigia, "Bwana shamba, tumeibiwa?" Hapana, hamkuibiwa. Nikamwambia alete makaratasi yote. Tukayapanga mezani. Katiba, ukurasa wa kwanza, imeandikwa Igembe Sabo. Katiba hiyohiyo, ukurasa wa tano, Igembesabo. Muhuri unasema IGEMBENSABO VIJANA. Akaunti ya benki ni Igembesabo Kabungu. Mwenyekiti kwenye mkataba wa mahindi kaandika Igembe Nsabo Kabungu, kwa sababu ndivyo anavyotamka nyumbani kwao. Kikundi kimoja, majina matano.

Sasa mtu wa benki hajui Kisukuma na wala si kazi yake kukijua. Yeye anaangalia herufi. Akiona hazifanani, kwake hao ni watu wawili tofauti, na hela ya mtu mmoja haiwezi kuingia kwa mwingine.

Mvua za kwetu mnazijua, zikianza Novemba hazisubiri mtu. Hii ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, na hela ile ndiyo ilikuwa ya mbegu na mbolea. Kurekebisha kuliwachukua zaidi ya wiki tatu. Wengine walipanda mbegu ya ghalani, bila mbolea ya kupandia.

Tuanzie kwenye kuchagua jina, halafu twende kwenye katiba, maana makosa ya katiba mengi yanazaliwa siku ya kuchagua.

Vikundi vyetu hivi, uviite VICOBA, hisa au kibubu cha wanawake, viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za 2019. Vyenyewe ni daraja la nne, yaani vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha, vyenye wanachama kuanzia 10 hadi 50. Usajili unafanyika halmashauri. Kwetu ni Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika, na njia ya kufika huko inaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Huyo ndiye mtu wa kwanza wa kumwona, kabla hamjapiga kura ya jina, maana ana orodha ya vikundi vya kata. Muulizeni kuna Tumaini ngapi. Kuna Upendo ngapi, Amani ngapi, Jitegemee ngapi. Mkijiita Tumaini na kuna Tumaini wengine watatu, barua zenu zitaenda kwa wenzenu, na deni la wenzenu litakuja kuulizwa kwenu. Hili la deni si utani. Kikundi chenye jina kama lenu kikikimbia mkopo, mwenye duka la pembejeo atawakumbuka nyie.

Dawa rahisi ni kuongeza jina la mahali. Tumaini Kabungu inatofautiana na Tumaini ya Mpanda mjini. Lakini mkiongeza Kabungu, basi Kabungu ni sehemu ya jina. Haiwi leo ipo, kesho mmeisahau.

Halafu kuna maneno ya kukaa nayo mbali. Neno "benki" linalindwa na Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya 2006, huwezi kujibandika tu kwa kuwa mnakopeshana. Neno "ushirika" nalo ni la vyama vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, na vivyo hivyo SACCOS na AMCOS. Nimeona vijana wanajiita "AMCOS ya Vijana" kwa sababu inasikika kubwa. Inasikika kubwa, ndiyo, ila itawarudisha mwanzo mkifika kwa msajili. Na "kampuni" waachieni waliosajili kampuni.

Lugha ya jina ni hiari yenu. Mimi sina tatizo na jina la Kibende, Kisukuma au Kifipa, tena mengine yana maana kuliko haya ya Kiswahili tunayoyarudia. Mnaosema akiba ni mambo ya mjini, mjue vikundi vya aina hii vya sanduku na hisa vilianza vijijini Niger mwaka 1991, na wanawake wale waliviita kwa Kihausa chao, Mata Masu Dubara, maana yake wanawake wenye mbinu. Shida ya jina la kikabila ni moja tu, kwamba kila mtu analiandika anavyolisikia. Kwa hiyo siku ya kura msipige kura ya sauti, pigeni kura ya maandishi. Katibu aandike jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, aoneshe nafasi zilipo kati ya maneno, na wanachama wakubali ile iliyoandikwa. Kiswahili nacho kina mitego yake. Amkeni na Hamkeni. Tuelimike na Tuerimike. Msicheke, nina muhuri wa namna hiyo nimeuona kwa macho yangu.

Kura hiyo iingie kwenye muhtasari wa kikao. Muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi unaambatana na katiba na orodha ya wanachama wakati wa kuomba usajili, kwa hiyo jina kwenye muhtasari na jina kwenye katiba vitasomwa na mtu yuleyule, siku ileile. Andikeni majina yaliyopendekezwa, kura za kila moja, na jina lililopita.

Twende kwenye katiba. Wengi mnachukua katiba ya kikundi kingine, mnafuta jina lao, mnaweka lenu. Sikatazi, ndivyo wengi wanavyoanza. Lakini jina la zamani huwa linabaki mahali, hasa kwenye kifungu cha kuvunja kikundi na kwenye ukurasa wa sahihi. Kisomeni chote, neno kwa neno, mtu mmoja asome kwa sauti na mwingine afuate kwa kidole.

Igembe Sabo tulikaa nao tukaandika upya kifungu cha kwanza. Kilitoka hivi:

Kifungu cha 1: Jina la Kikundi
1.1 Jina la kikundi ni IGEMBE SABO KABUNGU, maneno matatu.
1.2 Katika katiba hii, neno "Kikundi" maana yake ni Igembe Sabo Kabungu.
1.3 Jina litaandikwa hivyo hivyo, bila kufupishwa wala kuongezwa neno, kwenye muhuri, akaunti, mikataba, stakabadhi na barua.
1.4 Jina litabadilishwa na mkutano mkuu tu, kwa kura za theluthi mbili ya wanachama wote, na litaanza kutumika baada ya msajili kukubali.
1.5 Kubadilika kwa jina hakufuti hisa, deni wala mkataba wowote wa Kikundi.

Kipengele cha 1.2 ndicho kinachookoa. Baada ya hapo, katiba nzima inasema "Kikundi" tu. Jina kamili linabaki mara mbili kwenye kifungu cha kwanza, na mara nyingine kwenye jalada na ukurasa wa sahihi. Jina likiandikwa mara nne una sehemu nne za kukagua. Likiandikwa mara thelathini, lazima moja litakosewa.

Kwenye 1.4 palikuwa na ubishi mkali. Mweka hazina alitaka "theluthi mbili ya waliohudhuria". Tukapiga hesabu. Wako 22, theluthi mbili ya wote ni watu 15. Siku ya kuvuna tumbaku wanakuja 12, theluthi mbili yao ni watu 8. Yaani watu 8 wanabadilisha jina la watu 22, na wakitaka wanaenda benki na muhtasari wao wa kubadili kila kitu. Ubishi ukaisha hapo.

Na 1.5 msiiache. Nimewahi kusikia mwanachama anadai deni lake lilikuwa la "kikundi cha zamani".

Mpangilio wa kufuata baada ya hapo hauna njia ya mkato: katiba, halafu usajili, halafu cheti, halafu muhuri, halafu akaunti. Watu wanachonga muhuri kwanza kwa sababu fundi yuko mjini na wao wako mjini siku hiyo. Ngojeni cheti. Kikitoka, kisomeni palepale dirishani kabla ya kusaini mmepokea, herufi kwa herufi, maana jina limepigwa kwenye kompyuta na binadamu. Mkiona kosa palepale, kurekebisha ni rahisi kuliko mwaka unaofuata. Cheti sasa ndicho mnachokwenda nacho kwa fundi wa muhuri na benki. Msiwatajie jina kwa mdomo, wapeni nakala wakanakili. Hata mkisajili kikundi kwenye simu, M-Koba au nyingine, mwenye simu aandike akiwa na nakala ya cheti mbele yake.

Wale Igembe Sabo walilazimika kurudi nyuma hivi: mkutano mkuu wakapitisha jina moja, wakapeleka muhtasari na katiba mpya kwa msajili, wakapata cheti kilichorekebishwa, ndipo benki ikakubali kubadilisha jina la akaunti kwa sahihi za viongozi wote watatu. Muhuri wa zamani waliukata katikati mbele ya wanachama na kuandika kwenye muhtasari kwamba umeharibiwa. Hilo lilikuwa wazo la katibu wao, binti wa miaka 24, na sikuwahi kulifikiria.

Mnunuzi akatuma tena. Ikaingia siku hiyohiyo.

Wenye rasimu ya katiba, nileteeni ofisini kabla hamjachapa nakala nyingi. Njooni na muhtasari pia, na kama muhuri mmeshachonga, bandikeni alama yake kwenye karatasi mje nayo.