Kodi ya Machi Huanza Kulipwa Septemba

Mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilibadilisha namna ya kukusanya kodi ya majengo. Nyumba ya kawaida ikawa inadaiwa shilingi 12,000 kwa mwaka; kabla ya hapo wengi walikuwa wakisahau mpaka tarehe inapita. Kuanzia Agosti mwaka huo, shilingi 1,000 ikawa inakatwa kila mwezi mtu anaponunua umeme wa LUKU. Wapangaji walilalamika, na walikuwa na haki, kwani mwenye jengo ndiye mdaiwa. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa sahihi: deni la mwaka liligawanywa kwa miezi kumi na miwili.

Kalenda ya matumizi ya mwaka hufanya jambo hilohilo, ila mkataji ni mwenye fedha mwenyewe. Bajeti ya mwezi inashughulikia unga, nauli na umeme. Kinachoipindua ni malipo yasiyokuja kila mwezi: pango la miezi sita, sare za Januari, bima ya gari, nguo za Idd. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo la ghafla, maana tarehe zake zinajulikana mapema.

Kazi huanza kwa kutazama nyuma. Taarifa ya miamala ya simu ya miezi kumi na miwili iliyopita itaonyesha hata michango ya harusi na misiba, ambayo watu wengi huikadiria chini mno. Kila malipo huandikwa kwenye mwezi wake. Yale ya miaka mingi hugawanywa kwanza kwa miaka: matairi manne ya shilingi 480,000 yanayodumu miaka minne ni shilingi 120,000 kwa mwaka.

Chukua familia ya mfano jijini Dar es Salaam. Inalipa pango la shilingi 900,000 mwanzoni mwa Machi na 900,000 nyingine mwanzoni mwa Septemba. Novemba kuna bima ya gari, 120,000. Januari shule inahitaji 420,000. Idd, wakiipangia Machi, ni 180,000. Michango ni 240,000 kwa mwaka, yaani 20,000 kila mwezi. Ukiongeza matairi, jumla ni 2,880,000. Gawanya kwa kumi na mbili: 240,000 kwa mwezi.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kalenda nyingi hufia. Tuseme familia inaanza kuweka mwisho wa Septemba, pango likiwa limeshalipwa. Hadi mwisho wa Februari itakuwa imeweka mara sita, jumla 1,440,000. Lakini bima, shule, michango ya miezi sita, pango la Machi na Idd kwa pamoja ni 1,740,000. Pengo ni shilingi 300,000. Hesabu ya mwaka imekamilika, ila fedha zinachelewa kufika, kwa kuwa malipo mengi yamerundikana kwenye nusu ya kwanza.

Tiba yake ni kutogawa sawasawa. Familia iweke 290,000 kwa miezi sita ya kwanza, kisha 190,000 kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Agosti. Machi kisanduku kitakauka kabisa bila kukopa. Nusu ya pili italipa michango na pango la Septemba, na 120,000 ya matairi itabaki mahali pake. Mwaka wa pili unaweza kurudia mtindo uleule.

Pembeni ya kila mwezi iongezwe safu moja zaidi: salio linalotakiwa kuwapo. Kwa familia hii, baada ya kulipia shule mwanzoni mwa Januari panapaswa kubaki 540,000. Pakiwa na 400,000, kuna mtu amechota, na ni afadhali kujua Januari kuliko usiku wa kuamkia siku ya mwenye nyumba. Ndiyo maana akiba hii haifai kukaa kwenye laini ileile inayolipia vocha na mboga.

Kalenda haiwezi kunakiliwa mwaka hadi mwaka bila kuguswa. Idd el-Fitri husogea nyuma kwa takriban siku kumi na moja. Mwaka 2024 ilikuwa Aprili 10, na 2025 ikawa Machi 31. Pango nalo hupanda mkataba unapohuishwa. Kwa dereva wa bodaboda au mama lishe, kiwango cha mwezi kigawanywe kwa siku za kazi: 240,000 kwa siku 24 ni shilingi 10,000 kwa siku. Hiyo bado ni fedha nyingi, na kwa anayelala na 15,000 mfukoni haiwezekani. Mtu wa hali hiyo achague malipo mawili tu, pango na shule, ayawekee akiba kwanza, na ya Idd yangoje mpaka hayo mawili yatimie.